Kutambua viungo vya guniani kwa picha: anza na umbo, rangi iwe ya mwisho

Mtu akikutumia picha ya gunia la viungo na kukuuliza "hiki ni nini?", jicho hukimbilia rangi. Unaona rundo la kahawia lenye ukijani kidogo, na kabla hujaangalia punje hata moja, jina limeshatoka mdomoni. Nimekosea hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na karibu kila mara kosa lilikuwa katika ukoo uleule: mbegu nyembamba zenye mistari, yaani bizari nyembamba, kisibiti, shamari, anisi na ajwani. Karafuu haimsumbui mtu, maana kila punje ni msumari wenye kichwa. Hawa ndugu watano ndio wanaosumbua, kwa hiyo nitakaa nao muda mrefu, kisha nipite kwenye punje za mviringo, magome na majani kwa kadiri picha inavyoweza kusema.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Bizari nyembamba ndiyo jira, na wapo wanaoiita uzile. Neno "bizari" likisimama peke yake halisaidii, kwa sababu kwa mmoja ni manjano na kwa mwingine ni unga uliochanganywa wa mchuzi. Anisi ninayoizungumzia hapa ni ile mbegu ndogo. Ile inayofanana na nyota haina undugu nayo, ingawa harufu zao zinakaribiana sana.

Jambo moja la mimea likikukaa kichwani, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi. Tunachokiita mbegu hapa kwa kweli ni tunda dogo lililokauka. Tunda hilo limeundwa na nusu mbili zilizogeukiana, kama viganja vilivyofumbatwa, na kila nusu ina matuta matano yanayokimbia kutoka ncha moja hadi nyingine. Likikomaa, tunda huelekea kupasuka na nusu hizo kuachana. Kila mmea wa ukoo huu una tabia yake: kuna ambao nusu zake huachana upesi, kuna ambao hubaki zimeshikana hata baada ya kupurwa na kumwagwa guniani. Nusu iliyobaki peke yake huweza kujipinda. Kikonyo huweza kubaki au kukatika. Hayo yote yanaonekana kwenye picha, na hakuna hata moja linalobadilishwa na mwanga wa jua au turubai lililofungwa juu ya meza kama kivuli.

Hatua ya kwanza: chagua punje za kupima

Usilitazame rundo zima. Kuza picha mpaka uone punje mojamoja, kisha utafute zilizolala kifudifudi au chali, zile ambazo ncha zote mbili zinaonekana wazi. Punje iliyosimama au iliyoinama kuelekea kamera huonekana fupi kuliko ilivyo, na punje fupi ya bizari nyembamba inafanana mno na anisi. Nusu ya makosa huzaliwa hapo. Tafuta punje kama 20 za namna hiyo, sehemu mbalimbali za rundo. Ukikosa hata 10, picha haitoshi, na ni heri kuomba nyingine kuliko kubahatisha.

Angalia pia mahali ukali wa picha ulipo. Simu ikipigwa karibu na gunia, huwa kuna mkanda mmoja tu ulio mkali, na mbele na nyuma yake kuna ukungu. Pima ndani ya mkanda huo tu.

Hatua ya pili: urefu kwa upana

Huhitaji kujua punje ina milimita ngapi ili kuanza. Weka rula ya kawaida juu ya kioo cha kompyuta au simu, pima urefu wa punje kama unavyoonekana hapo, kisha pima upana wake mahali ilipo nene zaidi, na ugawanye urefu kwa upana. Jibu halibadiliki hata ukikuza picha mara kumi, na ndiyo maana nalipenda kuliko kipimo kingine chochote. Fanya hivyo kwa punje zako zote, ziandike kwa mpangilio kutoka ndogo hadi kubwa, na uchukue iliyo katikati. Zile za mwisho upande wa chini mara nyingi ni punje zilizoinama ambazo hukuzigundua.

Bizari nyembamba ni ndefu na nyembamba kweli: urefu wake ni kama mara nne ya upana, na ncha zote mbili huchongoka. Kisibiti kinaikaribia sana kwa kipimo hiki, kwa hiyo uwiano peke yake hautawatenganisha. Shamari nayo ni ndefu, ila imejaa mwili. Ikiwa tunda zima, ni kama mara mbili na nusu au tatu. Anisi ni fupi na tumbo lake liko chini, mfano wa tunda la peasi, na urefu wake hauzidi sana mara mbili ya upana. Ajwani ni kiyai kidogo ambacho urefu na upana vinakaribiana.

Kama kwenye picha kuna kitu unachokijua ukubwa, pata pia kipimo halisi. Kidole ni kizuri, maana muuzaji au mpiga picha mara nyingi ameweka mkono ndani ya fremu. Ukucha wa gumba la mtu mzima una upana wa karibu sentimita moja na nusu. Sharti ni kwamba kidole kiwe umbali uleule na punje. Mkono ulio karibu zaidi na kamera utazifanya punje zionekane ndogo kuliko zilivyo. Bizari nyembamba ina milimita 4 hadi 6, kisibiti 3 hadi 6, anisi 3 hadi 5, shamari 4 mpaka 10, na ajwani kama 2 tu. Ukitazama namba hizo utaona zinaingiliana mno, isipokuwa mwanzo na mwisho. Kwa hiyo ukubwa una kazi mbili za uhakika: kuitenga ajwani, na kuitenga shamari kubwa. Kwa waliobaki, rudi kwenye umbo.

Hatua ya tatu: zimeshikana au zimeachana, zimenyooka au zimejipinda

Hapa ndipo bizari nyembamba na kisibiti huagana. Kisibiti kikipurwa, nusu zake huachana, na kila nusu hujikunja kama mwezi mwandamo. Ukitazama rundo la kisibiti utaona vipande vingi vya duara, kama kucha zilizokatwa. Bizari nyembamba hubaki imenyooka, au imepinda kidogo sana, na punje nyingi bado zina nusu zote mbili. Ukizitazama kwa ubavu utauona mfereji wa katikati unaokimbia urefu wote, mahali viganja vinapokutana.

Usihukumu kwa punje moja. Bizari nyembamba iliyovunjikavunjika nayo hutoa nusu, na chache kati yake hujipinda. Hesabu zile 20 ulizochagua. Zikijipinda tatu au nne, hilo ni jambo la kawaida kwa bizari nyembamba. Zikijipinda 16, huyo ni kisibiti, hata kama lebo ya gunia inadai vingine. Nitasema wazi kwamba lebo za magunia siziamini kwa hawa wawili. Kuna lugha ambazo majina yao yanakaribiana au yanatumika kwa kubadilishana, na lebo iliyotafsiriwa hubeba mkanganyiko huo.

Tazama vikonyo pia. Shamari huja na vikonyo vingi vifupi vilivyoshikilia mwisho wa tunda. Anisi huwa na kikonyo chembamba kama unywele mnene, na katika rundo la anisi utaviona vimetapakaa. Kisibiti karibu hakina.

Hatua ya nne: ngozi

Ukiwa na picha kali, angalia matuta. Ya kisibiti ni membamba, yana rangi hafifu, na kati yake kuna mifereji ya kahawia iliyokolea, kiasi kwamba kila punje inaonekana imechorwa mistari kwa kalamu. Ngozi yake ni laini na hung'aa kidogo. Ya shamari ni mapana na yameinuka. Yakimulikwa na mwanga wa ubavuni kila tuta hutupa kivuli chake, kama shamba lililotifuliwa vizuri. Ya bizari nyembamba ni hafifu zaidi na yameota vinyweleo vifupi, ndiyo maana rundo lake huonekana kama lina vumbi, halina mng'ao. Anisi nayo ina vinyweleo, vifupi zaidi, na huonekana kijivu na ya kimahameli. Ajwani haina ulaini huo. Ngozi yake ina vipele.

Lakini hapa kuna mtego wa simu wenyewe. Programu ya kamera hupangusa vitu vidogo ili picha ionekane safi, na picha ikitumwa kwa njia ya ujumbe hubanwa tena ili iwe nyepesi. Vinyweleo ndivyo vinavyofutika kwanza. Kwa hiyo ukiviona, ni ushahidi. Usipoviona, huo si ushahidi wa chochote. Upande mwingine, simu nyingine huongeza ukali wa kingo mpaka punje laini ionekane ina mistari myeusi. Ukiona utepe mwembamba mweupe umeizunguka kila punje pande zote, hiyo ni kazi ya simu, usiihesabu kama tuta.

Hatua ya tano: sasa rangi

Rangi ina manufaa, mradi umeisahihisha. Tafuta kwenye picha kitu unachojua ni cheupe: uzi wa kushonea gunia, karatasi, sehemu nyeupe ya mfuko. Kikionekana cha manjano, basi picha nzima imevutwa kwenye manjano, na punje za kijivu zitaonekana za kahawia. Turubai jekundu au la buluu juu ya meza hufanya balaa kubwa zaidi, kwa sababu huchora kila kitu kilicho chini yake. Programu nyingi za kuhariri picha zina kitufe cha kuweka weupe sawa. Bonyeza kwenye ule uzi, kisha tazama tena.

Baada ya hapo ndipo useme: shamari huelekea kijani au manjano ya kijani, anisi kijani ya kijivu, bizari nyembamba kahawia ya manjano yenye ukijani, kisibiti kahawia iliyokolea yenye mistari hafifu. Na bado ukumbuke kwamba umri hula rangi. Shamari iliyokaa muda mrefu juani hupoteza kijani chake na kuwa rangi ya majani makavu. Ikifika hapo, mtu aliyezoea kutambua kwa rangi ataiita bizari nyembamba iliyonona.

Gunia moja, mwanzo hadi mwisho

Picha niliyoletewa ilikuwa na gunia jeupe lililofumwa, kingo zake zimekunjwa nje, ndani kuna rundo lenye rangi ya kahawia ya kijani. Gumba la mtu lilikuwa limelala juu ya rundo, kwenye kona ya kulia. Swali lilikuja na jibu lake: "Hii ni shamari, sivyo?"

Niliikata picha nikabaki na mkanda ule mkali, karibu robo ya rundo. Nikapata punje 20 zilizolala vizuri. Kwenye kioo cha kompyuta, ukucha wa gumba ulikuwa na upana wa milimita 60. Ukiuchukulia kuwa milimita 15 kwa uhalisi, picha imekuza vitu mara nne. Punje ya katikati ilikuwa na urefu wa milimita 20 na upana wa 5 kwenye kioo. Uwiano ni 4. Ukigawanya kwa nne, punje halisi ina milimita 5 kwa moja na robo.

Shamari ilianza kuniponyoka hapo. Ya urefu wa milimita 5 ipo, ndogo ndogo, lakini ingekuwa na tumbo nene kuliko hilo. Anisi ilitoka kabisa, maana haiwezi kuwa nyembamba kiasi hicho. Ajwani hata sikuiwaza. Walibaki bizari nyembamba na kisibiti.

Nikahesabu: punje 17 kati ya 20 zilikuwa zimenyooka, na katika nyingi ya hizo mfereji wa katikati ulionekana. Tatu zilikuwa nusu, na kati ya hizo mbili zimejipinda kidogo. Matuta hayakuwa na ile tofauti kali ya mstari hafifu na mfereji mweusi. Kisibiti kikatoka. Vinyweleo sikuviona, ila picha ilikuwa imeshapita kwenye ujumbe mara mbili, kwa hiyo sikulitia maanani.

Rangi nikaiacha mwisho. Gunia lilikuwa jeupe, lakini kwenye picha lilionekana na ukijani. Nadhani kulikuwa na turubai la kijani juu. Nilipoweka weupe sawa, ukijani wa rundo ukapungua na kahawia ya manjano ikajitokeza. Huo ukijani wa turubai ndio uliomfanya muulizaji aseme shamari.

Jibu langu likawa bizari nyembamba. Lakini alinirudia kwa haki: kwenye kona ya kushoto palikuwa na punje kama sita nene, za kijani, zenye matuta makubwa na vikonyo. Hizo zilikuwa shamari kweli. Zilikuwa zote mahali pamoja, juu juu, karibu na ukingo uliopakana na gunia jingine ambalo halikuonekana vizuri. Kijiko cha kupimia kilichotoka kwa jirani kinaweza kufanya hivyo. Kama zingekuwa zimetawanyika rundo zima, ningesema gunia limechanganywa, na hilo lingekuwa jibu jingine. Kwa hiyo andika jina la walio wengi, kisha utaje wageni na mahali walipo.

Punje za mviringo

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Pilipili manga nyeusi ina mikunjo iliyosukana kama wavu, na haina kikonyo. Ukiona punje za aina hiyohiyo ambazo nyingi zina mkia mwembamba ulionyooka, hiyo ni pilipili yenye mkia, kiungo tofauti ingawa ni ndugu wa pilipili manga. Mkia wake ni sehemu ya tunda lenyewe, kwa hiyo haudondoki kirahisi.

Mbegu kavu za papai zinajulikana tangu zamani kama kitu cha kughushia pilipili manga. Kwenye picha zitafute kwa umbo: papai ni yai, si mpira. Zungusha jicho juu ya punje zilizo wazi na ujiulize ni ngapi zina upande mmoja mrefu. Mikunjo yake pia ni ya juu juu, si wavu wa kina. Palipo na shaka, kitu cha kufanya hakiko kwenye picha: punje ya pilipili iliyokatwa imejaa na ni ngumu, na ikionjwa huwasha.

Giligilani ni mpira wenye matuta kutoka kilele hadi kitako, kama tufe lililochorwa mistari ya longitudo, na juu yake kuna kijincha. Pilipili manga nyeupe inaweza kuwa na rangi ileile na hata mistari hafifu, ila mistari hiyo imechorwa tu, haijainuka, na kijincha hakuna. Giligilani ni mwanaukoo wa wale watano wa mwanzo. Yenyewe imeamua nusu zake zisiachane, na ndiyo sababu ya umviringo wake.

Habasoda nayo hukosewa. Punje yake ni nyeusi isiyong'aa, ina kona tatu au nne kama kipande cha jiwe kilichopasuliwa. Ufuta mweusi ni bapa, laini, umbo la tone. Mbegu za kitunguu nazo ni nyeusi na zina kona, na kwa picha ya kawaida ya simu sijiamini kuzitenga na habasoda. Harufu ndiyo inayoamua, na picha haina harufu.

Magome na nyota

Mdalasini tazama mwisho wa kijiti, pale kilipokatwa. Ukiona tabaka nyingi nyembamba kama karatasi zilizoviringishwa pamoja, rangi ya udongo hafifu, huo ni mdalasini wa Seiloni. Ukiona gome moja nene, gumu, ambalo kingo zake mbili zimejiviringisha kuelekeana na kuacha uwazi katikati, rangi ikielekea wekundu, hiyo ni kasia, ambayo watu wengi huiuza na kuinunua kwa jina la mdalasini. Picha iliyopigwa kutoka ubavuni, bila kuonyesha mwisho wa vijiti, haitoshi kwa swali hili.

Kuhusu anisi ya nyota, naomba uwe mwoga. Ile inayoliwa kwa kawaida ina ncha nane, zenye umbo la mtumbwi. Lakini kuna nyota ya Kijapani, ndugu yake, ambayo ni sumu. Huwa ndogo zaidi, na midomo ya mitumbwi yake huchongoka na kupinda kwenda juu. Tofauti hizo ni za wastani, si za kila nyota, na nyota zilizovunjika guniani huzificha kabisa. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya chai ya anisi ya nyota baada ya watu, wakiwamo watoto wachanga, kuugua. Kwa picha unaweza kusema "anisi ya nyota au ndugu yake", na uishie hapo. Usimwambie mtu ni salama kunywa.

Majani makavu

Majani yamevunjika, rangi yote ni kijani kizee, na ukweli ni kwamba nusu ya picha za majani guniani hazijibiki. Yanayojibika ni yale yenye alama moja isiyovunjika. Rozimari ni sindano ngumu ambazo kingo zake zimejikunja chini, na tumbo la jani ni jeupe. Zaatari ni vijani vidogo sana, vya milimita chache tu, vilivyojiviringisha, mara nyingi pamoja na vijiti vyembamba. Mnanaa na rihani vikishasagika kwa mkono sivitengi kwa picha. Vikiwa na majani mazima, mnanaa una kingo zenye meno na mikunjo ya kina zaidi.

Ninayoipenda ni tofauti ya majani mawili makubwa makavu ambayo wauzaji huyaita kwa jina moja. Geuza jicho kwenye mishipa. Jani la loreli lina mshipa mmoja wa katikati, na mishipa midogo inatoka pembeni. Jani la mti ulio ndugu wa mdalasini, linalotumika sana India, lina mishipa mitatu inayokimbia pamoja kutoka karibu na kikonyo kuelekea nchani. Mshipa mmoja au mitatu: hata picha mbovu huonyesha, na hata kipande cha jani kilichovunjika kinatosha, mradi kimekatika katikati ya jani.

Pale picha inaponyamaza

Unga wowote, acha. Kiungo kikishasagwa hakina umbo wala ngozi, kimebaki rangi tu, na rangi ndiyo kitu dhaifu kuliko vyote tulivyotumia. Manjano ya unga imewahi kutiwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na hakuna jicho litakaloiona risasi hiyo kwenye kioo cha simu. Vilevile zafarani: ikiwa picha inaonyesha gunia au hata beseni lililojaa nyuzi nyekundu zinazoelekea rangi ya machungwa, wingi wenyewe ni jibu. Gramu moja ya zafarani huhitaji maua kama 150, kwa hiyo haimwagwi hivyo. Kinachouzwa kwa rundo namna hiyo mara nyingi ni maua ya kartamu, na ukikuza utaona vijibomba vyenye ncha tano zilizopasuka, badala ya uzi unaotanuka mwishoni kama tarumbeta.

Kumbuka pia kwamba picha inaonyesha uso wa gunia, na muuzaji hupanga uso. Jina unalotoa ni la tabaka la juu.

Ukibaki na majina mawili, usichague kwa kurusha sarafu. Andika yote mawili, taja kitu kimoja kitakachoamua, na uombe picha ya pili. Maagizo yangu huwa haya: chukua punje 10, ziweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, zisigusane, weka rula au sarafu pembeni yake usawa uleule, mwanga uje kutoka ubavuni ili matuta yatupe kivuli. Punje mbili zivunje na uziweke pembeni ya zile nzima. Kisha uitume kama faili, isiwe kwa njia ya kawaida ya picha inayoibana. Yule mwenye swali la shamari alifanya hivyo siku iliyofuata, na safari hii vinyweleo vilionekana.